Faili la kuombea fleti kwenye mji usiokujua

Mahali ambapo watu wanakujua, nyumba hupatikana kwa neno la mdomo. Mtu anamwambia mwenye nyumba kwamba fulani ni mtulivu na analipa, basi, ufunguo umepatikana. Mwajiri aliponihamishia tawi la mji mwingine, neno hilo halikuwepo. Dalali aliyekuwa na fleti niliyoitaka alikuwa na maombi ya watu wengine mezani, na wote tulikuwa wageni kwake. Alichoweza kukipima ni karatasi.

Nilichojifunza katika kutafuta kule ni kwamba anayepokea faili la mpangaji halisomi kama barua. Analikagua. Anatafuta vitu vichache: je, jina ni lile lile kila mahali, je, pesa inayodaiwa kuingia inaonekana kweli ikiingia, na je, yupo mtu wa kuthibitisha kwamba mpangaji huyu alikaa kwa watu vizuri. Akikuta kitu kisichopatana na kingine, hana sababu ya kukupigia akuulize wakati faili la mwombaji wa pili limenyooka. Ndiyo maana kazi kubwa niliyoifanya haikuwa kuongeza karatasi. Ilikuwa kuhakikisha karatasi zinasema jambo moja.

Nianze na pesa, maana ndiko kwenye mambo mengi. Nitatumia tarakimu nyepesi zisizo na sarafu, lakini uwiano wake ni ule ule wa hali yangu. Kodi ya fleti ilikuwa 300 kwa mwezi. Mshahara wangu kabla ya makato ulikuwa 1,200, na baada ya makato yote nilibaki na 840 mkononi. Kipimo kinachotumiwa na wenye nyumba wengi ni kwamba kodi isizidi theluthi moja ya kipato. Hapo ndipo unapotakiwa kuuliza mapema: theluthi ya kipato kipi? Ukipima kwa 1,200, kodi ya 300 ni robo tu, na mambo ni mazuri. Ukipima kwa 840, theluthi ni 280, na fleti ile ile imekuwa ghali kwangu kwa 20. Mtu mmoja, mshahara mmoja, nyumba moja, na majibu mawili. Nilimpigia dalali wake kabla ya kumtumia chochote.

"Kaka, naomba kuuliza. Mwenye nyumba anaangalia mshahara kabla ya makato au unaobaki mkononi?"

"Mkononi, dada. Na anataka kuona miezi mitatu ya mwisho."

Jibu hilo moja lilibadilisha faili langu zima. Lilimaanisha mshahara peke yake hautatosha, na kwamba nilipaswa kuthibitisha kipato changu cha pembeni, yaani kazi za tafsiri ninazozifanya jioni. Lakini kabla ya kufika huko, mshahara wenyewe ulikuwa na tatizo.

Slipu yangu ya mshahara ilisema nimelipwa 840. Taarifa ya benki haikuwa na 840 popote. Ilikuwa na 750 mwishoni mwa mwezi na 90 katikati ya mwezi unaofuata, kwa sababu posho ya usafiri kwetu hulipwa siku yake, ingawa kwenye slipu imejumlishwa. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba nilikuwa sijawahi kulifikiria. Kwa mgeni anayekagua, slipu inadai kitu ambacho benki haikithibitishi, na slipu za kughushi hujulikana hivyo hivyo. Dalali wa fleti ya kwanza niliyoiomba, kabla ya hii ya 300, aliniuliza swali hilo kwa maneno makavu: "Hii 840 iko wapi?" Nilipomaliza kumweleza, fleti ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine.

Baada ya hapo nilifanya hivi. Kwenye nakala ya taarifa ya benki niliweka alama A pembeni ya kila mstari wa 750 na alama B pembeni ya kila mstari wa 90. Kwenye slipu za miezi ile mitatu nikaandika pembeni, kwa mwandiko unaosomeka: "840 = A + B; posho hulipwa katikati ya mwezi unaofuata." Chukua taarifa ya benki inayovuka mwezi wa mwisho wa slipu, la sivyo posho ya mwezi ule haitaonekana na hesabu itabaki wazi. Kisha nikamwomba ofisa utumishi aliyeniandikia barua ya uthibitisho wa ajira aongeze sentensi moja kwamba posho hiyo itaendelea kulipwa nikiwa kituo kipya. Bila sentensi hiyo, mkaguzi mwangalifu angeweza kuiondoa 90 kwenye hesabu, akisema posho za usafiri hubadilika mtu anapohamishwa. Angekuwa na haki.

Barua yenyewe ya mwajiri inafaa kuombwa kwa kutaja unachokihitaji, kwa sababu barua ya kawaida husema tu kwamba fulani ni mfanyakazi wetu. Niliomba itaje cheo changu, tarehe niliyoajiriwa, kwamba ajira ni ya kudumu, mshahara kabla na baada ya makato, tarehe ya kuanza kazi kituo kipya, na jina na simu ya ofisini ya mtu anayeweza kuthibitisha. Simu ya ofisini ina uzito kuliko ya mkononi, maana dalali anaweza kuitafuta mwenyewe akaona kwamba kweli ni ya mwajiri huyo. Kama unahama kwa sababu umepata kazi mpya kabisa, slipu zako za zamani zinaonyesha historia tu, hazionyeshi kipato kijacho. Hapo utahitaji mkataba wa kazi uliosainiwa na pande zote mbili, na kama kuna kipindi cha majaribio, utaje urefu wake mwenyewe. Kwa vyovyote kitaonekana kwenye mkataba, na ni afadhali kisomeke kwanza kwenye maelezo yako.

Sasa kipato cha pembeni. Kishawishi kikubwa hapa ni kuchukua miezi iliyokuwa mizuri. Miezi yangu mitatu ya mwisho ilikuwa na wastani wa 310 za tafsiri kwa mwezi, na ningeweza kuiandika hiyo na mtu asingeweza kusema ni uongo. Lakini kipato kinachopanda na kushuka hakipimwi kwa miezi mitatu. Nilichukua miezi 12. Jumla ya malipo yaliyoingia ilikuwa 2,640. Gharama za kazi yenyewe, kama intaneti, vifaa na makato ya kupokea pesa, zilikuwa 480. Zikabaki 2,160, ambazo zikigawanywa kwa 12 ni 180 kwa mwezi. Nikaandika 180, na chini yake nikaeleza kwamba kulikuwa na miezi isiyoingiza kitu.

840 na 180 ni 1,020. Theluthi yake ni 340, na kodi ya 300 inakaa ndani yake ikiwa karibu asilimia 29. Kwa hiyo tarakimu ya chini ilitosha. Kama isingetosha, ningekuwa nimejua kwamba fleti ile si ya kipato changu, na hilo pia ni jambo la kulijua kabla ya kusaini mkataba.

Wastani bila ushahidi ni maneno. Kwa kila malipo ya tafsiri niliweka ankara niliyompa mteja, ikiwa na namba, na namba hiyo hiyo nikaiandika pembeni ya mstari wa benki pesa ilipoingia. Pale ambapo mteja mmoja alilipa ankara mbili kwa mkupuo, niliandika namba zote mbili. Niliongeza pia nakala ya hesabu niliyoiwasilisha kwa mamlaka ya mapato mwaka uliotangulia, kwa sababu mtu anayekadiria kipato chake mbele ya mwenye nyumba hukiongeza, na mtu anayekitaja mbele ya mtoza kodi ya mapato hana sababu ya kukiongeza. Hizo mbili zikikaribiana, mkaguzi hutulia.

Kuna mistari miwili ya benki inayowaponza watu wenye kipato cha namna hii. Wa kwanza ni pesa uliyoihamisha mwenyewe kutoka akaunti ya akiba kwenda ya matumizi. Inaonekana kama imeingia, lakini si kipato, na ukiijumlisha, mkaguzi akiona jina lako mwenyewe kama mtumaji atashuka moyo na kuanza kutilia shaka kila kitu. Niliiwekea alama ya "uhamisho wa ndani, haukuhesabiwa". Wa pili ni pesa taslimu iliyowekwa kwa mkono, isiyo na mtumaji. Kama wateja wako hulipa taslimu, kitabu cha risiti ndicho kitakachokusaidia, na tarehe za risiti ziwe karibu na tarehe za kuweka benki. Pesa kubwa iliyowekwa taslimu siku chache kabla ya kuomba nyumba, bila maelezo, hudhuru zaidi ya salio dogo.

Kwa wale ambao hesabu haitimii, wenye nyumba wengine hukubali mdhamini. Sikumhitaji, ila nilikuwa nimeshazungumza na kaka yangu, na mazungumzo hayo yalinifundisha kwamba watu husaini bila kuelewa. Mdhamini si mtu wa kukusifia. Anasaini kwamba usipolipa, deni ni lake, na mara nyingi pamoja na gharama za uharibifu. Yeye pia hukaguliwa kipato, na kodi anayolipa yeye mwenyewe hutolewa kwanza kwenye hesabu yake. Mkataba wa udhamini utaje kiwango cha juu cha kiasi anachowajibika nacho na tarehe ya mwisho, kwa sababu usiotaja unaweza kumfuata hata baada ya mkataba wa nyumba kuhuishwa na kodi kupanda.

Nihamie kwenye barua ya mwenye nyumba wa zamani, ambayo kwa mji usiokujua ndiyo iliyobeba lile neno la mdomo. Mwenye nyumba wangu ni mama mtu mzima asiyependa mambo ya kuandika. Nilipomwomba alisema, "Mwanangu, andika wewe unachotaka, mimi nitasaini." Alisema kwa upendo, lakini nilikataa. Barua aliyoiandika mpangaji mwenyewe hutambulika, maana imejaa sifa na haina tarehe. Na dalali akipiga simu kuuliza, aliyesaini hakumbuki kilichomo.

Nilimwandalia maswali badala ya majibu. Niliingia kwake lini na natoka lini? Kodi ilikuwa kiasi gani, na ilipanda lini? Nililipa kwa wakati? Nyumba naiacha katika hali gani? Nilitoa taarifa ya kuhama mapema inavyotakiwa? Angenipangisha tena? Alijibu kwa mdomo, binti yake akaandika kwa maneno ya mama mwenyewe, naye akasaini. Kwenye swali la malipo alitaka iandikwe kwamba kuna mwezi mmoja kodi ilichelewa kwa sababu mishahara ya kazini kwetu ilichelewa, na kwamba nilimjulisha kabla ya tarehe kufika. Binti yake alisita, akaniangalia. Nilimwambia, "Iache hivyo hivyo, dada." Taarifa yangu ya benki ilikuwa inaonyesha ucheleweshaji huo waziwazi. Barua iliyosema "hakuchelewa kamwe" ingepingana na benki, na hapo mama na mimi tungeonekana tumekula njama.

Swali la kodi kupanda nalo lina sababu. Mistari yangu ya benki ilionyesha nikilipa 200, kisha 220. Barua inayotaja 220 peke yake ingeacha miezi kadhaa ikionekana kama nilikuwa nalipa pungufu. Tulitaja viwango vyote viwili na mwezi kodi ilipobadilika.

Halafu kuna simu. Mama hapokei namba asiyoijua, na simsemi, wengi wetu ndivyo tulivyo. Kila nilipotuma faili nilimpigia siku hiyo hiyo: "Mama, kuna kaka atakupigia kuhusu ile nyumba, namba yake inaishia hivi, naomba umpokee." Nikamwambia dalali saa ambazo mama anapatikana. Mtu wa kuulizwa habari zako asiyepokea simu ni sawa na kutokuwa naye. Na kama hujawahi kupanga, umetoka kwa wazazi au bwenini, usitafute rafiki ajifanye mwenye nyumba wako. Andika ukweli, kisha onyesha malipo mengine ya kila mwezi uliyoyalipa bila kukosa, kama ada au mkopo, na barua ya msimamizi wa kazi au wa bweni inayotaja muda aliokufahamu.

Majina yalinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Kitambulisho changu kina majina matatu. Slipu ina mawili. Benki inaanza na jina la ukoo, na jina la kati limefupishwa kwa herufi moja. Mama mwenye nyumba ananijua kwa jina la nyumbani ambalo haliko kwenye karatasi yoyote, na ndilo alilotaka kuliandika. Kwa barua yake tuliandika jina la kitambulisho kamili, kisha "ambaye mimi namwita" na lile la nyumbani, ili dalali akimtaja kwa simu waelewane. Kwa nyingine niliweka sentensi moja kwenye ukurasa wa kwanza wa faili ikieleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na namba ya kitambulisho iliyopo kwenye rekodi za mwajiri ni ile ile. Aliyebadili jina kwa ndoa aweke nakala ya cheti.

Ukurasa huo wa kwanza ndio nilioutengeneza mwisho, baada ya kujua kila kilichomo. Ulikuwa na nusu ukurasa tu wa maandishi: mimi ni nani, nitaishi na nani, nataka kuingia lini, kipato cha 840 na 180 kinapatikanaje, kodi ni asilimia ngapi ya kipato hicho, na kila hati iko ukurasa wa ngapi. Faili lote lilikuwa PDF moja, lenye jina langu, neno "maombi" na mwezi. Picha kumi zilizotumwa moja moja kwenye simu hupotea katikati ya mazungumzo mengine, na ile inayokosekana huwa ni ile inayotakiwa. Taarifa ya benki niliibadilisha kila ilipopitisha mwezi, maana tarehe ya zamani huzua swali la kilichotokea baadaye.

Jambo lililonihangaisha moyo ni kwamba faili hilo ni maisha yangu yote mikononi mwa mtu nisiyemjua. Kitambulisho, mshahara, saini na namba ya akaunti vikiwa pamoja vinatosha kwa mtu mbaya kukopa kwa jina langu. Kwa hiyo nilituma kwa awamu. Kabla ya kuiona nyumba, nilitoa ukurasa wa kwanza peke yake. Faili zima lilienda baada ya kuingia ndani ya fleti, kuonana na dalali ana kwa ana na kuridhika kwamba aliyemtuma ndiye mwenye mali. Aliyetaka kitambulisho na amana kabla ya kunionyesha mlango, kwa kisingizio kwamba mwenye nyumba yuko safarini na wengine wanaigombea, niliachana naye. Nywila ya benki haiombwi na mwenye nyumba yeyote wa kweli, hata "kwa kuhakiki tu".

Kwenye nakala ya kitambulisho niliandika juu ya picha, kwa mshazari, "Kwa maombi ya nyumba tu", pamoja na tarehe na anwani ya fleti, maandishi yakipita juu ya picha bila kuficha jina. Kwenye taarifa ya benki nilificha tarakimu za akaunti isipokuwa 4 za mwisho, na matumizi yangu binafsi, kama malipo ya hospitali. Niliacha jina, tarehe, salio na kila mstari wa pesa inayoingia. Kuwa makini na namna ya kuficha. Ukichora kisanduku cheusi juu ya maandishi ndani ya PDF, mara nyingi maandishi yanabaki chini yake, na mtu anaweza kuyachagua na kuyanakili mahali pengine akayasoma. Jaribu mwenyewe kabla ya kutuma. Mimi nilichapisha kurasa hizo zikiwa na visanduku, nikaziskani upya, na faili jipya likawa picha tupu isiyo na kitu chini. Hati halisi, zisizofichwa, nilibeba mkononi siku ya kusaini, dalali akalinganisha mbele yangu, nikarudi nazo.

Fleti ile ya 300 niliipata. Dalali alimpigia ofisa utumishi, akampigia mama, na akaniuliza swali moja tu, kuhusu mwezi uliochelewa, ambalo jibu lake alikuwa ameshalisoma kwenye barua. Hakutaka mdhamini.

Baada ya kusaini niliwaandikia wale wengine wote waliokuwa na faili langu: "Habari. Nimeshapata nyumba na naondoa maombi yangu. Naomba mfute nakala za hati zangu, pamoja na zilizopo kwenye simu na barua pepe, kisha mnijulishe zikishafutwa." Wawili walijibu siku hiyo hiyo. Aliyekaa kimya nilimpigia, na akazifuta tukiwa bado kwenye simu.